Uchambuzi wa kisa: Kiwanda cha unga wa lishe kilichobadili jina baada ya mgogoro wa alama ya biashara

Kisa hiki kilitokea Tanzania Bara. Majina, mji na baadhi ya tarehe vimeondolewa, na sitataja jina la zamani wala jipya, kwa sababu makubaliano ya pande mbili bado yanafanya kazi. Nilihusika kama mshauri wa biashara upande wa mwenye kiwanda. Masuala ya sheria yalishughulikiwa na wakili.

Usuli

Kiwanda ni kidogo. Kinasaga na kufungasha unga wa lishe wa mahindi, soya, ulezi na karanga, na pembeni kinatengeneza siagi ya karanga. Mwenye nacho ni mama mmoja aliyeanza kwa kusagisha mashineni na kufunga kwa mishumaa, akafika kwenye mifuko iliyochapishwa, leseni ya TBS na mauzo ya takriban mifuko 4,300 ya kilo moja kwa mwezi. Alikuwa na mawakala 38 katika mikoa mitano, supamaketi tatu Dar es Salaam, na wakala mmoja Unguja.

Jina la biashara alilisajili BRELA mwaka 2017. Cheti alikiweka kwenye fremu ukutani, na kwa miaka yote hiyo aliamini kwamba jina lile ni lake na hakuna mwingine anayeweza kulitumia. Imani hiyo wanayo wafanyabiashara wengi, na chanzo chake kinaeleweka: BRELA ndiyo inayosajili majina ya biashara na ndiyo hiyohiyo inayosajili alama za biashara na huduma. Ila madaftari ni mawili na sheria ni mbili. Cheti cha jina la biashara kinaeleza nani anafanya biashara kwa jina gani. Hakimpi mtu haki ya kumzuia mwingine asiliweke jina hilo kwenye bidhaa, wala hakimkingi dhidi ya mwenye alama iliyosajiliwa. Haki hiyo inatokana na usajili chini ya Sheria ya Alama za Biashara na Huduma ya mwaka 1986, na usajili huo unafanywa kwa makundi ya bidhaa. Unga na vyakula vya nafaka viko kundi la 30, pamoja na biskuti, chai, kahawa na viungo.

Kampuni moja kubwa zaidi ilikuwa imesajili neno lilelile kundi la 30 tangu 2012. Yenyewe ilikuwa inauza biskuti na unga wa ngano. Wateja wa pande hizi mbili hawakukutana kwa miaka kadhaa, mpaka unga wa mama ulipoingia supamaketi ukawekwa rafu moja na biskuti zao.

Barua ilipofika

Barua ya wakili wa kampuni ilitaka mambo manne ndani ya siku 14: kuacha kutumia jina, kuondoa bidhaa zote sokoni, kukabidhi vifungashio vyote vyenye jina hilo, na kulipa fidia. Ilidai pia kwamba muonekano wa mfuko unafanana na wa kwao.

Mama alikuwa na hasira, na mtu wa kwanza kumshauri alimwambia aandike kwenye ukurasa wa kiwanda kwamba anaonewa na wakubwa. Hilo tulilizuia siku ileile. Kila neno linaloandikwa hadharani wakati huo linaweza kusomwa kama ushahidi kwamba ulijua kuna alama ya mtu na ukaendelea, na linaufanya upande wa pili ukaze wakati unachohitaji kwao ni muda.

Wakili wetu alijibu kabla ya siku 14 kwisha kwa barua fupi iliyoandikwa bila kuathiri haki za upande wowote. Ilisema madai yamepokewa, yanachunguzwa, na mteja wake yuko tayari kwa mazungumzo. Haikukiri kosa na haikubisha. Wakati huohuo kiwanda kilisimamisha oda ya mifuko mipya iliyokuwa inasubiri kuchapwa. Katika siku zile za mwanzo hakuna uamuzi uliookoa fedha nyingi kuliko huo.

Kukagua madai kabla ya kuyakubali

Wakili alifanya upekuzi rasmi kwenye daftari la alama. Alitafuta majibu ya maswali machache tu: alama ipo kweli, ni ya nani, iko kundi gani, na bado iko hai? Bara, usajili wa kwanza unadumu miaka 7, kisha unahuishwa kwa miaka 10 kila mara. Alama ya 2012 ilihuishwa 2019, kwa hiyo ilikuwa hai. Ilikuwa kundi la 30, na mwenye alama ni yuleyule aliyeandika barua. Biskuti na unga wake vilikuwa vinauzwa, kwa hiyo njia ya kuomba ifutwe kwa kutotumika haikuwepo. Usajili wao ulitangulia matumizi yetu kwa miaka mitano.

Dai la muonekano lilikuwa dhaifu. Mfuko wetu ni wa kijani na una mchoro wa mama na mtoto. Wao wanatumia nyekundu na njano bila mchoro wa mtu. Tuliliweka hili akilini kwa sababu lilikuja kuwa msingi wa mpango wote.

Njia zilizobaki zilikuwa tatu. Ya kwanza ilikuwa kupigana, na wakili alisema wazi kwamba neno ni lilelile na bidhaa ni za kundi moja, hivyo gharama ingekuwa kubwa na matumaini madogo. Ya pili ilikuwa kuomba leseni ya kulitumia neno lao kwa malipo. Tuliuliza, wakakataa. Ya tatu ilikuwa kubadili jina kwa masharti ambayo kiwanda kinaweza kuyabeba.

Tulichogundua madukani

Kabla ya kukaa mezani, nilimwomba mama atulie na suala la jina jipya kwa wiki moja, tukajue kwanza mteja anaushika unga wake kwa nini hasa. Wasichana wawili wa kiwandani walikaa kwenye maduka ya mawakala sita, mijini na vijijini, kazi yao ikiwa ni kuandika maneno yaleyale anayotamka mteja anapoagiza.

Daftari lao lilirudi na maneno kama haya: "Nipe ule wa kijani." "Ule wenye mama na mtoto." "Unga wa lishe wa pale jirani na mzani." "Ule aliochukua dada jana." Wateja wengi wa madukani hawakulitaja jina kabisa. Waliolitaja walikuwa kundi moja linalotambulika: akina mama wanaoelekezana kliniki na kwenye vikundi vya WhatsApp. Hao jina wamelipokea kwa mdomo na wanakuja nalo dukani kabla hawajawahi kuona mfuko.

Mawakala nao walikuwa tofauti. Kwao unga ni sauti ya mama kwenye simu, namba yake, na Lipa Namba wanayolipia. Supamaketi haimjui mama wala haitazami rangi ya mfuko. Inajua barkodi na jina lililo kwenye mfumo wake.

Basi makundi manne ya wateja yalikuwa yanashika vitu vinne tofauti, na jina lilikuwa kimoja tu kati ya hivyo. Uamuzi ukawa kwamba rangi, mchoro, namba ya simu, ujazo, bei na mahali pa kiwanda visiguswe hata kidogo. Fundi wa michoro alikuwa ameshaleta mapendekezo ya mfuko wa bluu "wa kisasa". Tulimlipa kazi yake na kuiweka kando. Ukibadili jina na sura kwa pamoja, umeleta bidhaa mpya sokoni na kumwachia mshindani ile ya zamani.

Makubaliano: kununua muda

Mifuko iliyochapwa ghalani ilikuwa 19,000. Kwa kasi ya mauzo, hiyo ni zaidi ya miezi minne ya kazi. Kuikabidhi kungekuwa pigo kuliko fidia yenyewe, kwa hiyo mazungumzo yote tuliyaelekeza kwenye muda. Wakili wao alikuwa mtu wa kuzungumzika alipoona hatuna nia ya kung'ang'ania jina. Kilichomsumbua yeye ni kupata tarehe ya mwisho inayoandikika na inayoweza kukaguliwa.

Tulikubaliana hivi. Kiwanda hakitachapa tena kitu chochote chenye jina la zamani. Kitaruhusiwa kufungasha kwenye mifuko iliyopo kwa miezi 4, na bidhaa hiyo itakuwa na miezi 2 zaidi ya kuisha madukani. Mifuko itakayobaki itaharibiwa. Jina la biashara la zamani litafutwa BRELA. Hakuna fidia, na dai la muonekano limeondolewa kwa maandishi.

Kifungu kilichotuchukua muda mrefu kuliko vyote ni cha maneno "zamani likijulikana kama". Wengi hudhani maneno hayo ni haki ya kila anayebadili jina. Ukiyaandika kwenye mfuko, bado unaitumia alama ya mtu kwenye bidhaa ya kundi lilelile, na anaweza kukushitaki upya kwa mstari huohuo unaokusudia kuwasaidia wateja. Tuliomba ruhusa mahususi, tukapewa kwa mipaka: kwa miezi 6 tu, nyuma ya mfuko, kwa herufi ndogo kuliko jina jipya, bila mtindo wa maandishi wa zamani. Muuza duka na mfanyakazi wa kiwanda wangeruhusiwa kueleza kwa mdomo mteja akiuliza. Ukurasa wa Instagram ungebadilishwa jina, na jina la zamani la akaunti lingeshikiliwa na kiwanda bila kuwekwa chochote hadi miezi sita iishe, kwa sababu ukiliachia wazi mtu yeyote anaweza kulichukua na kuanza kupokea oda zako.

Mkataba ulisema pia kwamba mwenye alama hatapinga jina jipya tulilolitaja humo. Kwa hiyo jina jipya lilipaswa kuwa limepatikana kabla ya kusaini.

Kulipata jina jipya

Majina ya kwanza yaliyoletwa na familia yalianguka haraka. Maneno yanayoieleza bidhaa yenyewe, ya aina ya "Lishe Bora" kwenye mfuko wa unga wa lishe, hayawezi kumilikiwa na mtu mmoja, maana kila msagaji anayahitaji kueleza unga wake. Msajili huyakataa au humtaka mwombaji akane haki ya kipekee juu yake. Jina jingine lilipendwa na wote, lakini upekuzi ulionyesha alama inayotofautiana nalo kwa silabi moja tu mwanzoni. Machoni ni maneno mawili, ila likisemwa dukani kwa haraka ni moja. Msajili hutazama matamshi pamoja na maandishi, na mteja wa Kiswahili ananunua kwa sikio zaidi. Tukaliacha.

Jina lililopita lilikuwa neno la kawaida lisilohusiana na chakula, fupi, na halikutoka kwenye mzizi wa jina la zamani. Kulikuwa na kishawishi kikubwa cha kuchukua neno linalofanana kidogo na la zamani ili wateja wasipotee. Huko ni kurudi kwenye mgogoro uleule, safari hii bila huruma ya mtu.

Maombi ya alama yalipelekwa kundi la 30, na kundi la 29 kwa ajili ya siagi ya karanga. Maombi yakikubaliwa hutangazwa kwenye jarida, na yeyote mwenye pingamizi ana siku 60 kulileta. Hatukuwa na nafasi ya kusubiri cheti ndipo tuanze. Tulianza kutumia jina baada ya upekuzi safi na maombi kupokelewa, tukijua kwamba hatari ndogo imebaki. Alama ya ® haikuwekwa kwenye mfuko mpya, kwa kuwa ni ya jina lililokwisha kusajiliwa kama alama.

Mpango wa mpito ulivyotekelezwa

Mwezi wa kwanza ulikuwa wa karatasi. Cheti kipya cha jina la biashara kilitoka BRELA, na kutokana nacho vikafuata taarifa za TRA, leseni ya biashara halmashauri, benki na TBS. TIN haikubadilika kwa sababu biashara ni ya mtu binafsi na TIN ni yake, ila jina la biashara linaloonekana kwenye risiti ya EFD lilihitaji kurekebishwa TRA kwanza, kisha kwenye mashine kwa mtoa huduma aliyeidhinishwa. TBS ilihitaji kuarifiwa mapema, kwa sababu leseni na usajili wa bidhaa vinataja jina la bidhaa, na lebo ni sehemu ya kinachokaguliwa. Hata stika tuliyokusudia kuibandika kwenye mifuko ya zamani tuliipeleka kwao kwanza.

Stika hiyo ndiyo iliyobeba mteja wa dukani. Mwezi wa pili ilibandikwa chini ya jina la zamani, ikiwa na jina jipya na maneno haya: "Jina jipya. Unga uleule, kiwanda kilekile." Mteja alikuwa anaona majina yote mawili kwenye mfuko wa kijani anaoujua. Mwezi wa tatu na wa nne stika kubwa kidogo ilibandikwa juu ya jina la zamani na kulifunika kabisa. Mfuko mpya ulipoingia mwezi wa tano, mteja alikuwa ameshaliona jina jipya kwa miezi mitatu. Mwenye alama alilipenda hili pia, kwani jina lake lilianza kutoweka sokoni kabla ya tarehe aliyotupa.

Mawakala walistahili kuambiwa kwa sauti. Mama alimpigia kila mmoja kwa namba wanayoijua, kisha akatuma ujumbe wa sauti kwenye kundi lao:

"Ndugu zangu, habari za kazi. Ni mimi mama wa unga. Mfuko unabadilika jina, mimi sijabadilika na kiwanda hakijauzwa. Namba ni hizihizi. Ukipata ujumbe kwa namba nyingine yoyote unaokwambia utume hela kwa jina jipya, usitume, nipigie."

Sentensi ya mwisho ilikuwa ya lazima. Tanzania nzima inaujua ujumbe wa "ile hela tuma kwenye namba hii". Taarifa ya kubadili jina la biashara, ikija kwa maandishi kutoka namba ngeni, haina tofauti na ujumbe huo machoni mwa mpokeaji.

Palipoharibika

La kwanza lilihusu malipo, na lilitokea kabla mama hajamaliza kupiga simu zake. Kijana wa hesabu aliona cheti kipya kimetoka, akaona kubadili jina la Lipa Namba ni jambo jepesi, akalifanya. Wakala anayelipia mzigo huweka namba na kiasi, na kabla ya kuweka namba ya siri simu humwonyesha jina la anayelipwa. Wakala wa kwanza akaona jina asilolijua. Akasitisha, akawaonya wenzake kwenye kundi. Kwa siku mbili oda zilisimama, na uvumi ukaanza kwamba kiwanda kimeuzwa. Dereva wa wakala mmoja aligeuza gari tupu. Simu za mama zilituliza mambo, lakini mawakala wawili waliohamia kwa msagaji mwingine siku hizo hawakurudi. Jina la kwenye malipo lilipaswa kubadilishwa mwisho, siku iliyotangazwa, baada ya kila wakala kuthibitisha kwamba amesikia.

La pili lilikuwa supamaketi. Tulidhani barkodi itabaki ileile kwa kuwa unga na ujazo ni uleule. Kanuni za GS1, shirika linalosimamia namba za barkodi, zinasema jina kuu la bidhaa likibadilika, namba ya barkodi inabadilika. Namba mpya maana yake ni bidhaa mpya kwenye mfumo wa supamaketi: fomu mpya, sampuli, kikao cha idara ya manunuzi. Supamaketi mbili zilimaliza ndani ya wiki chache. Ya tatu ilituchukulia kama bidhaa ngeni na kudai ada ya kuingia rafuni. Wakati tunabishana, mzigo wa zamani uliisha, na nafasi yetu rafuni ikapewa mwingine. Tulikaa nje kwa wiki saba. Fomu zilipaswa kwenda siku namba mpya ilipopatikana, kabla hata mfuko mpya haujatoka mtamboni.

La tatu lilikuja mwezi wa nane, tulipodhani kazi imekwisha. Mifuko kama 1,800 ilibaki baada ya miezi minne ya kufungasha. Ilipewa kibarua akaichome. Hakukuwa na shahidi wala picha wala hesabu. Wakili wa kampuni akatuandikia tena: mifuko yenye jina la zamani imeonekana gulioni. Ilikuwa ya kwetu kweli, lakini ndani mlikuwa na sembe ya mtu mwingine. Kilichotuokoa ni muhuri wa namba ya bechi na tarehe ambao kiwanda hugonga kila mfuko unapojazwa. Mifuko ya gulioni haikuwa nao, na daftari la uzalishaji lilionyesha bechi ya mwisho ya jina la zamani na tarehe yake. Kampuni iliridhika, ila ingeweza kutoridhika, na tulistahili kuulizwa.

Matokeo baada ya mwaka mmoja

Mawakala walibaki 35 kati ya 38: wawili waliondoka kwa sababu ya malipo, mmoja alifunga duka lake. Mauzo yalishuka mwezi wa tatu na wa sita, ya kwanza kwa uvumi, ya pili kwa supamaketi, na mwezi wa tisa yakarudi mifuko 4,300. Kwenye maduka ya mawakala hapakuwa na mshuko wowote unaoweza kuhusishwa na mfuko mpya wenyewe.

Waliopungua zaidi ni wateja wapya wanaotoka kliniki. Wateja wa zamani wa kundi hili walibaki, lakini mama aliyeelekezwa na mwenzake jina la zamani alifika dukani akaambiwa "huo haupo siku hizi". Tulichelewa kulitambua kwa sababu mteja asiyekuja haachi alama kwenye hesabu. Tuliwasikia mawakala wawili wakilisema kwa bahati tu. Ndipo tukawapa wauza duka jibu la kusema, linaloruhusiwa na makubaliano: "Upo, sasa unaitwa hivi, ni huu wa kijani." Jibu hilo lilipaswa kufika madukani pamoja na stika ya kwanza.

Uchambuzi

Ukiangalia hasara zote, hakuna hata moja iliyosababishwa na mteja kuchukia jina jipya. Kila moja ilitokea mahali ambapo jina linatumika kama utambulisho mbele ya mtu au mashine isiyoweza kuona mfuko: skrini ya simu wakati wa kulipa, mfumo wa supamaketi, na mdomo wa mama anayemwelekeza mwenzake. Mpango wetu ulikuwa imara pale mfuko ulipoonekana na ulikuwa dhaifu pale usipoonekana. Kama ningeupanga tena, ningeanza kwa kuorodhesha sehemu zote jina linapotokea bila mfuko, na kila moja ningeipa mtu na tarehe, kabla ya kufikiria stika.

Utafiti wa wiki moja madukani ulifanya kazi kuliko tulivyotarajia, ila ulikuwa na upungufu. Tulikaa kwa wateja wanaonunua. Hatukuuliza mteja mpya aliufikiaje unga, na hapo ndipo kundi la kliniki lilipotuponyoka ingawa tulikuwa tumeliona kwenye daftari.

Kwenye mazungumzo, nadhani mama aliuza kitu sahihi na kununua kitu sahihi. Alitoa jina ambalo kisheria hakuwa nalo, akapata miezi sita ya matumizi halali, ruhusa ya kutaja jina la zamani, na maandishi kwamba rangi na mchoro wake havisumbuliwi. Hilo la mwisho lina thamani kuliko linavyoonekana, kwa kuwa mchoro wa mama na mtoto haukuwahi kusajiliwa. Sasa umo kwenye maombi yake kama alama ya picha, pamoja na jina.

Jambo moja bado liko wazi. Usajili wa alama Tanzania Bara hauvuki bahari. Zanzibar ina sheria na daftari lake, chini ya Wakala wa Usajili wa Biashara na Mali, na unga wa mama unauzwa Unguja. Maombi ya huko yalichelewa kwa sababu bajeti ya mwaka ilimezwa na mifuko na silinda mpya za kuchapia. Kwa sasa jina jipya liko Unguja bila ulinzi, kama lilivyokuwa la zamani Bara mwaka 2017. Wakili ameshapewa kazi ya kufanya upekuzi, na mama amekubali kutoongeza wakala mwingine upande huo hadi maombi yapokelewe.